Taa inawaka kwa namba zisizolingana? Kagua mwisho wa saketi

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, saketi yangu inalinganisha namba mbili za biti nne. Nikiweka 1011 na 1101, taa inawaka. Chipu nimeshabadilisha." Nilijua kinachomsumbua kabla hajatuma mchoro.

Mwanzo alipatia. XNOR hutoa 1 biti mbili zikifanana, kwa hiyo kila jozi aliipa XNOR yake, akapata 1001. Kisha, kwa kuwa hakuwa na AND, akayaunga majibu hayo kwa XNOR nyingine tatu. Fuata mwenyewe: 1 na 0 inatoa 0, hiyo 0 na 0 inayofuata inatoa 1, na 1 na 1 inatoa 1. Taa hiyoo! Mnyororo huo hauulizi kama majibu yote ni 1. Unaangalia tu kama idadi ya sifuri ni shufwa. Na yeye alikuwa akijaribu kwa kubadili biti moja moja, basi taa ilizima kila mara akaiamini saketi. Jaribuni tofauti mbili, jamani, ndipo uongo hujitokeza.

Hapa naingia mimi. Nilipokuwa chuoni, mwalimu mmoja alinikata alama zote za swali hili kwa sababu mchoro wake ulikuwa na XNOR nne na AND, na wangu ulikuwa na XOR nne na NOR. Nilimwonyesha hesabu, hakuitazama. Mpaka leo inaniuma, kwa hiyo naiweka hapa kila mtu aione:

```
E = (A3⊙B3)(A2⊙B2)(A1⊙B1)(A0⊙B0)
  = [(A3⊕B3)+(A2⊕B2)+(A1⊕B1)+(A0⊕B0)]'
```

XNOR ni XOR iliyokanushwa, na De Morgan anamaliza kazi: namba zinalingana pale ambapo hakuna jozi hata moja inayotofautiana. Kwa 1011 na 1101, XOR zinatoa 0110, NOR inatoa 0, taa inazima. Vijana, msikariri mchoro wa mtu, shikeni kanuni. A'⊕B ni sawa na (A⊕B)', kwa hiyo kama swichi za upande mmoja tu zinaleta biti zilizogeuzwa, XOR zenu zimeshakuwa XNOR bila kuongeza NOT. Hapo mwishoni wekeni AND. Pande zote mbili zikigeuzwa, hakuna kinachobadilika.

Msomaji wangu nilimshauri atafute 74LS266. Ina XNOR nne ambazo matokeo yake huweza kuvuta waya chini tu, hayasukumi juu. Unaunganisha matokeo yote manne pamoja na rezista moja ya kiloomu 1 kwenda volti 5, na waya huo wenyewe unakuwa AND. Usithubutu hivyo kwa 74LS86, chipu ya XOR nne, maana geti zake zitavutana na zinaweza kuungua. Wala usichomeke moja mahali pa nyingine: kwenye 74LS86 pini ya 4 ni ingizo, kwenye 74LS266 ni tokeo.