Waliosikia bei ni wangapi?

*Habari mtaalamu. Nafundisha uhasibu wa maduka madogo mtandaoni, niko Sinza. Webina yangu ya bure ya Zoom ilisajili watu 380, wakaingia 90, wakalipia kozi 4 tu. Nimesogeza siku ya mwisho mara mbili, wapi! Kuna jamaa ananiuzia namba 5,000 za WhatsApp. Nichukue?*

Usichukue. Huna upungufu wa watu, dada yangu, hujawachambua ulionao.

Pakua ripoti ya mahudhurio ya Zoom, uangalie safu ya Leave Time, yaani saa kila mtu alipoondoka. Mtu aliyekatikiwa na mtandao akarudi huenda akatokea kwenye mistari miwili, kwa hiyo shika ule wa mwisho. Tuseme bei uliitaja dakika ya 50, na waliokuwepo bado ni 40. Basi umeuza kwa 4 kati ya 40, yaani mmoja katika kila kumi. Hapo somo na bei havina ubaya. Waliobaki hawakuisikia kozi yenyewe.

Kwa hiyo ujumbe mmoja kwa wote 380 ni kupoteza bando. Wale 36 waliosikia bei wasilipe, waandikie mmoja mmoja uwaulize kilichowazuia; mara nyingi ni kulipa kwa mkupuo, na awamu mbili kwa simu zinatosha. Walioondoka mapema wakatie kipande cha dakika 12 chenye sehemu waliyoikosa. Wasioingia kabisa ndio wa kupewa rekodi nzima, tena kwa saa 48 tu.

Tangazo la kuwafuata Facebook na Instagram lifanyie hao 380 kwa pamoja. Meta inataka angalau watu 100 kwenye kundi, na si kila namba itaoana na akaunti, hivyo 90 hawafiki. Pandisha namba zikianza na 255, si 0, na waliokwisha kulipa uwaondoe.

Sasa hilo la kusogeza siku. Dirisha la kulipia hufunguka pale pale unapotaja bei, likafungwa siku ya nne, tuseme Jumapili saa 6 usiku, na fomu ya malipo ifungwe kweli. Ukilisogeza mara moja, aliyelipa mapema anajiona mjinga, na aliyesita anajifunza kusubiri tarehe yako ya tatu. Anayekuja Jumatatu mwandike kwenye kozi ya awamu ijayo, hata akikubembeleza.

Vishoka wa namba wamezagaa mjini, na wote wanauza kitu kile kile. Ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na hao 5,000 hawakujui. Ukiwatumia mmoja mmoja watakuripoti, namba ya biashara ifungiwe, pamoja na mazungumzo ya wale 36. Juu ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilozitolea. Huyo jamaa akikwambia ni watu "wanaopenda kozi", mwulize walijiandikisha wapi, lini, na kwa kozi ya nani.