Kutaipu makingi skimu ya visanduku bila herufi kuhama namba

"Nimepewa makingi skimu ya maswali 50 imeandikwa kwa mkono, safu 5 za kumi kumi. Kila nikitaipu herufi zinahama namba. Mnafanyaje?"

Mimi nataipu kwa saiba hapa Kondele, Kisumu, na hii kitu ishanichoma vibaya. Mwalimu aliniletea ya hesabu, nikajaza namba 1 mpaka 50 kwa Excel kwa kuvuta tu, halafu nikaanza kushusha herufi peke yake, herufi Enter, herufi Enter. Kwa 23 alikuwa amekata A akaandika C ndogo pembeni, jicho likairuka. Basi ya 24 ikakaa kwa 23, ya 25 kwa 24, hivyo hivyo hadi chini. Kufika mwisho 50 iko wazi, nikaangalia karatasi nikaona ni D, nikajaza D nikaprinti. Hapo ndio niliharibu, juu hiyo nafasi wazi ndio ilikuwa inaniambia kuna herufi imepotea huko juu. Kutoka 23 mpaka 49 kila swali likabeba jibu la jirani yake. Mwalimu alishtuka akisahihisha, watoto wazuri wanapata mpaka 22 halafu makosa yanafuatana, na strimu mbili zikasahihishwa upya.

Siku hizi kwanza naangalia namba zinateremka ama zinaenda kando, maana kwa safu zinazoteremka ukisoma kando unapata 1, 11, 21, 31, 41. Halafu nafunika safu zingine na karatasi na namba naitaipu mwenyewe nikiisoma pale pale na herufi yake: 23, Tab, C, Enter. Namba iende A, herufi iende B, kuanzia mstari wa 1. Ukiruka kisanduku, namba yenyewe inaruka, 24 inakaa mstari wa 23 na unaiona hapo hapo. Swali lililofutwa weka kistari, usiache wazi.

Gridi usiitaipu tena. Weka hii kwa D1, vuta kulia mpaka H na chini mpaka mstari wa 10:

```
=INDEX($A$1:$A$50,ROW(A1)+10*(COLUMN(A1)-1))&"  "&INDEX($B$1:$B$50,ROW(A1)+10*(COLUMN(A1)-1))
```

Namba na herufi zinatoka mstari mmoja zikiingia seli moja, so haziwezi kuachana hata ukipeleka kwa Word.

Mwisho hesabu C ngapi kwa kila safu ya karatasi, linganisha na `=COUNTIF(B21:B30,"C")`, hiyo ni ya safu ya tatu, ukimaliza C fanya A, B na D. Lakini ukibadilishana 23 na 24 hesabu bado inakubali, kwa hivyo mimi huomba mwenye karatasi anisomee kutoka 50 kurudi 1, namba na herufi, mimi nikifuata kwa skrini. Na herufi iliyokatwa usikisie, pigia mwalimu kabla ya kuprinti.