Kanzu iliyopasuka kama suruali: Rigify na mifupa ya nguo

Mhusika wangu wa kwanza aliyetembea vizuri alikuwa mzee muuza kahawa. Mwili wake ulitii tangu siku ya kwanza, kwa sababu kiunzi cha mifupa sikukitengeneza mwenyewe, nilitumia Rigify, nyongeza ya kuunda viunzi inayokuja ndani ya programu ya 3D ya Blender. Kilichonikwamisha wiki mbili nzima ni kanzu yake. Kila alipoinua mguu, kanzu iligawanyika katikati na kuyafuata mapaja, nusu huku nusu kule. Ikawa amevaa suruali pana.

Nianze na Rigify yenyewe, maana kosa langu kubwa lilianzia huko. Iwashe kwenye Edit > Preferences > Add-ons. Kisha bonyeza Shift+A, ingia Armature, halafu Basic, uchague Basic Human (Meta-Rig). Ukiwa mgeni nakushauri uanze na huyu, si yule Human mwenye mifupa ya uso, kwa sababu mifupa ya uso ni mingi na kuipanga kunachosha kabla hujajua unachofanya. Ingia Edit Mode, sogeza kila mfupa ukae ndani ya mwili wa mhusika wako, na acha goti na kiwiko vipinde kidogo. Vikinyooka kabisa, kompyuta haina namna ya kujua goti likunjwe upande gani. Ikiwa ulikuza kiunzi ukiwa Object Mode, bonyeza Ctrl+A kisha Scale kabla ya kuendelea.

Ukibonyeza Generate Rig, unakuwa na viunzi viwili. Kile ulichopanga kwa mkono ni ramani tu. Kilichozaliwa ndicho cha kuendeshea, na ndani yake kuna mifupa mingi iliyofichwa. Inayovuta ngozi na nguo ni ile ambayo majina yake yanaanza na DEF-. Mimi nilifungua kiunzi kilichozaliwa nikaongeza mifupa ya kanzu humo humo. Siku mbili baadaye nikaona bega limekaa vibaya, nikalirekebisha kwenye ramani, nikabonyeza kitufe kile tena. Mifupa yote ya kanzu ikatoweka, kwa sababu Rigify hufuta kiunzi cha kuendeshea na kukijenga upya kutokana na ramani. Kwa hiyo mfupa wa nguo huongezwa kwenye ramani.

Kwa kanzu nilitumia minyororo sita, kila mmoja mifupa mitatu. Rudi kwenye ramani, Edit Mode, ongeza mfupa mmoja mrefu unaoanzia nyonga na kuishia kwenye pindo la chini, ukipita juu ya kitambaa chenyewe wala si ndani ya mguu. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Subdivide, weka idadi ya mikato 2, upate mifupa mitatu iliyoungana. Nilitengeneza wa mbele katikati, wa nyuma katikati, wa mbele kushoto na wa nyuma kushoto. Wa mbele kushoto niliuita kanzu_mbele.L. Hiyo .L ina kazi: ukichagua minyororo ya kushoto kisha Armature > Symmetrize, ya kulia inajitokeza yenyewe.

Sasa chagua mfupa wa juu wa mnyororo, kisha mfupa uitwao spine pale nyongani, bonyeza Ctrl+P na uchague Keep Offset. Usichague Connected, kwa maana mfupa wako utaruka ukajiunge na ncha ya uti wa mgongo. Baada ya hapo ingia Pose Mode. Kwa kila mnyororo, shika mfupa wa juu tu, na kwenye sehemu ya Rigify Type chagua limbs.simple_tentacle. Aina hii huupa kila mfupa kishikio chake, na ukizungusha cha juu, vya chini vinafuata. Kwenye Blender 4 na kuendelea, iweke mifupa hiyo kwenye kundi lake la Bone Collections, uipe nafasi kwenye paneli ya vitufe, ili uweze kuificha na kuionyesha unapofanya kazi. Zalisha kiunzi upya.

Kuunganisha kanzu na kiunzi ni kama kawaida: chagua kanzu, kisha kiunzi cha kuendeshea, Ctrl+P, With Automatic Weights. Ukipata onyo la Bone Heat Weighting, mara nyingi kanzu ina nukta zilizolaliana. Ingia Edit Mode ya kanzu, chagua zote, bonyeza M kisha By Distance.

Hapa ndipo kanzu yangu iliendelea kupasuka hata baada ya kuwa na mifupa yake. Blender hugawa uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa unavuta kila nukta ya kitambaa, kwa ukaribu, na paja liko karibu na kitambaa, kwa hiyo linapata fungu lake. Uzito wa kila mfupa hukaa kwenye kundi lake la nukta, yaani Vertex Group, kwa hiyo dawa ni kuyafuta makundi ya miguu kwenye kanzu. Chagua kanzu, fungua Scripting, uendeshe hii:

```python
import bpy
ob = bpy.context.object
miguu = ("DEF-thigh", "DEF-shin",
         "DEF-foot", "DEF-toe")
for g in list(ob.vertex_groups):
    if g.name.startswith(miguu):
        ob.vertex_groups.remove(g)
```

Kisha ingia Weight Paint na uchague Weights > Normalize All, ili uzito uliobaki ujae pale pa paja. Sogeza mhusika mzima mita kadhaa uangalie. Ukiona nukta za kanzu zimebaki nyuma zikinyooka kama uzi, hizo zilikuwa za mguu peke yake na sasa hazina mfupa wowote. Zipake uzito wa mfupa wa kanzu ulio karibu nazo. Fanya ukaguzi wa upande wa pili pia: mwili nao huenda umeokota uzito wa mifupa ya kanzu, na hapo mapaja yatacheza ukivuta kanzu. Kwenye mwili futa makundi yanayoanza na DEF-kanzu.

Mpaka hapo kanzu haipasuki tena, lakini goti linaichoma kwa mbele mzee anapopiga hatua. Nilichofanya ni kuweka kifungo cha Bone Constraint kiitwacho Copy Rotation, kinachonakili mzunguko wa mfupa mwingine, kwenye kishikio cha juu cha kanzu_mbele.L, kikilenga ORG-thigh.L, mfupa wa paja uliofichwa. Owner iwe Local Space, Target iwe Local Space (Owner Orientation), Mix iwe Before Original, na Influence 0.5. Fanya vivyo hivyo kulia. Mguu ukienda mbele, kitambaa kinasogea nusu ya mwendo wake, na bado unaweza kukigeuza kwa mkono. Hiki kimewekwa kwenye kiunzi kilichozaliwa, kwa hiyo kitafutika ukizalisha tena. Kiweke mwisho, ukishamaliza kurekebisha ramani.

Kwa mwendo wa kawaida 0.5 ilinitosha. Muuza kahawa alipoketi kwenye kigoda haikutosha, mapaja yalitoboa kitambaa. Kwa pozi hilo nilipandisha Influence hadi 1, kisha nikashusha mifupa ya pili ya mbele kwa mkono mpaka pindo likaning'inia toka magotini.