Re: Mita 140 kati ya majengo mawili, mtandao unakatika

"Wakuu, nimevuta kebo ya mtandao toka ofisini hadi hosteli, mita 140, inashika inaachia. Niweke swichi katikati au niende faiba?"

Mambo mkuu. Nenda faiba. Hiyo kebo yako ni ya kopa, na kopa mwisho wake mita 100, na swichi ya katikati itataka umeme huko nje, halafu radi za huku Moshi unazijua, zikipiga jirani kopa inazileta mpaka kwenye vifaa. Faiba ni kioo, haibebi umeme, ila ile yenye waya wa chuma wa kuning'inizia, waya uishie nje kwenye ukuta.

Kuna lodge njia ya Machame tuliwafungia faiba ya singo modi, uzi mmoja, na midia konveta, kile kiboksi cha kugeuza mwanga wa faiba kuwa mtandao wa kebo, kila upande. Sasa hizi konveta za uzi mmoja zinakuja A na B, moja inatuma mwanga wa nanomita 1310 na kupokea wa 1550, mwenzake kinyume. Dukani wakikupa A mbili utaona taa ya umeme inawaka, ya kebo inawaka, ya faiba kimya, na utailaumu faiba bure, kwa hiyo soma lebo kabla hujalipa. Na zote ziwe spidi moja, ya 100 na ya 1000 haziongei.

Jozi iko sawa na taa bado imezima? Angalia kichwa cha faiba. Cha kijani kimekatwa mshazari, ukikichomeka kwenye tundu la bluu mwanga mwingi unapotea. Konveta nyingi zinataka cha bluu. Usichungulie ndani ya tundu, huo mwanga hauonekani ila unaumiza jicho.