Blanketi la kuhamia nalo Makambako: sufu, akriliki au pamba?

"Wakuu, mwezi wa sita nahamia Makambako kikazi, na baridi ya huko naisikia tu. Nichukue blanketi la sufu, lile zito la manyoya au la pamba? Na kufua inakuwaje?"

Mkuu, nina miaka tisa Njombe na yote matatu yamo ndani kwangu. Usiku wa Julai najifunika la sufu. Halifiki kilo tatu, ila linalishinda lile la manyoya la kilo tano, ambalo ni akriliki. Nyuzi za sufu zimejikunja, zinashika hewa, halafu zinanyonya jasho bila wewe kuhisi umelowa. Akriliki hainyonyi. Inakupa joto upesi, saa nane unaamka shingo inatiririka, unaitupa pembeni, baridi inakudaka. La pamba peke yake halitoshi huku. Mimi nalitanguliza chini ya sufu, maana sufu inawasha.

Shida ni kuipata sufu yenyewe. Kwenye mitumba kila blanketi ni "sufu", na mimi nimeshauziwa akriliki kwa bei hiyo. Omba uzi mmoja wa pembeni, uuwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu.

Kufua sasa. Lile la kilo tano nililiingiza kwenye mashine ya kilo saba, nikaona nafasi ipo. Lilipokunywa maji likakataa kugeuka, na wakati wa kukamua likajikusanya upande mmoja, mashine ikaanza kutembea sakafuni. Nilipolifungua, katikati bado pakavu, poda ya sabuni imeganda. Siku hizi naanza asubuhi yenye jua: beseni kubwa, maji ya uvuguvugu, sabuni imeyeyuka kwanza, nalikanyaga kwa miguu. Nasuuza mpaka povu liishe. Silikamui, nalilaza juu ya benchi lichuruzike, kisha nalitandaza juu ya kamba mbili zilizoachana ili hewa ipite katikati. Hata hivyo hukauka siku ya pili, kwa hiyo ukichelewa mpaka mchana, ahirisha.

Likiwa jipya litanyonyoka, sweta lote litajaa manyoya. Fua mara mbili kabla ya kulaumu. Baada ya mara ya tatu, likivutwa kidogo tu bado linatoa kishungi, hilo litabaki kipara.

Sufu usiikanyage wala kuitia maji ya moto. Langu la kwanza lilisinyaa likawa la kitanda cha mtoto, gumu kama zulia, na halikurudi tena. Maji baridi, sabuni laini, unabonyeza tu. Mimi nalifua mara moja kwa mwaka. Miezi mingine nalianika na kulikung'uta, maana likikaa kabatini muda mrefu viwavi vya nondo vinalitoboa.

Kama bajeti ni ya moja tu, chukua akriliki ya kilo tatu, ndani yake weka shuka nene la pamba linyonye jasho. Hiyo utaifua mwenyewe bila kuita mtu.