Mnunuzi mkubwa akisema atalipa baada ya siku 60

Nauza bizari na pilipili ya kusaga kwa supamaketi moja hapa Mombasa, mzigo wa kama shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwaka juzi ikaja barua: muda wa malipo unaongezwa kutoka siku 30 hadi 60, "kuanzia tarehe ya taarifa ya mwezi". Nilikasirika, nikataka kujibu papo hapo. Bahati nzuri dada yangu, ambaye ndiye anayeshika vitabu vyangu, alinizuia akaniambia niisome tena ile sentensi ya mwisho.

Zamani siku zilihesabiwa tangu mzigo unapopokelewa. Sasa mzigo wa tarehe 4 Machi ungesubiri taarifa ya tarehe 31, ndipo siku 60 zianze. Pesa ingeingia 30 Mei. Hizo ni siku 87. Na KRA wanataka kodi ya ongezeko la thamani ya Machi ifikapo 20 Aprili, uwe umelipwa au hujalipwa.

Kwa hiyo sikugombana sana na hiyo 60. Niligombania tarehe ya kuanza kuhesabu.

Kisha nikapiga hesabu ya kuwapa punguzo wakilipa mapema. Mkopo wangu ni 3% kwa mwezi. Kulipwa siku ya 15 badala ya 60 kunaniokolea siku 45 za riba, yaani 27,000 kwa mzigo wa 600,000. Punguzo la 2% linanigharimu 12,000. Kwa mnunuzi, hiyo 2% ya siku 45 ni sawa na faida ya kama 16% kwa mwaka, na mhasibu wao anaiona hesabu hiyo upesi kuliko malalamiko yangu. Kwa nini siku 15, si 10? Kwa sababu wao hulipa mara mbili kwa mwezi. Ofa isiyolingana na ratiba yao ya malipo haitumiki.

Nilimwandikia mkuu wa uhasibu, nakala kwa afisa ununuzi (huyu hupanga bei, hana mamlaka juu ya malipo):

"Tumepokea barua yenu. Oda zilizokwisha kutolewa tunaomba zilipwe kwa masharti ya siku 30. Kwa oda mpya tunakubali siku 60, zihesabiwe tangu tarehe ya muhuri wa kupokea mzigo. Ankara itakayolipwa ndani ya siku 15 tangu muhuri huo itapata punguzo la 2%. Krediti noti tutaitoa baada ya pesa kuingia."

Sentensi ya mwisho usiiache: krediti noti ndiyo hati inayopunguza deni la ankara. Kuna wanaokata 2% halafu wanalipa siku ya 40. Ukiandika punguzo kwenye ankara tangu mwanzo, utabaki kuwafuatia.

Walikataa kuhusu oda za zamani, mengine wakakubali. Mwezi wa kwanza walikata punguzo kwenye ankara iliyolipwa siku ya 22. Nikawatumia picha ya muhuri, wakarudisha tofauti kwenye malipo yaliyofuata.