Cherehani Inapokula Uzi, Rudi Pale Video Iliporuka

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, nimepakua programu tatu za kujifunza kushona. Nimefuata kila hatua, lakini cherehani inakula uzi. Chini ya kitambaa pamejaa nyuzi kama kiota cha ndege. Ninunue cherehani nyingine?"

Nilisoma ujumbe ule mara mbili, maana ungeweza kuwa wangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimekaa mbele ya meza, simu imeegemezwa kwenye kikombe, nikiuliza swali hilohilo na hakuna wa kunijibu. Jibu langu fupi kwake lilikuwa: usinunue. Jibu refu naliandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi nilianza na sketi. Somo lilikuwa limegawanywa hatua kwa hatua, mwalimu ana mikono mitulivu na sauti ya upole, na kila hatua ukiimaliza unaweka alama ya tiki. Hatua ya kwanza iliitwa kuandaa cherehani. Kamera inamwonyesha mwalimu ameshika kijiti cha uzi, picha inakatwa, na picha inayofuata uzi umeshapita kwenye tundu la sindano. Nikaweka tiki. Hatua ya pili tayari anashona.

Nami nikashona. Sijamaliza urefu wa kidole, cherehani ikaanza kunguruma na kitambaa kikagoma kusogea. Nilipokivuta kikaja na rundo la nyuzi zilizojiviringisha chini. Nikazikata, nikaanza upya, ikawa vilevile. Nikasema kosa ni la bobini kwa kuwa fujo iko chini. Nikaitoa, nikaisafisha, nikaijaza uzi upya. Nikazungusha kile kitufe chenye namba hadi mwisho wa kulia, kisha hadi mwisho wa kushoto. Nikahamia programu nyingine, halafu nyingine tena. Zote zilikuwa na masomo mazuri, na zote zilikata picha palepale.

Siku moja wifi yangu akaja kututembelea. Akaokota kile kitambaa mezani, akakigeuza upande wa chini, akacheka mbele ya watoto wangu. "Wifi, mambo mengine si ya kujifunzia kwenye simu. Mwachie fundi kazi yake." Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile moyo unaniuma. Nilifunika cherehani kwa shuka, ikakaa hivyo miezi minne.

Kilichonitoa gizani hakikuwa somo la kushona. Ilikuwa video ya mtu anayetengeneza cherehani, aliyefungua kifuniko cha mbele ili apake mafuta. Ndani nikaona visahani viwili vidogo vya chuma vilivyokaa uso kwa uso, na uzi wa juu unapita katikati yao. Alipoinua ule mguu unaokandamiza kitambaa, visahani vikaachana. Alipoushusha, vikabanana. Akaendelea na mafuta yake bila kusema neno juu ya jambo hilo. Mimi nikasimamisha video na kuirudisha nyuma mara nyingi, huku machozi yananilengalenga.

Kumbe miezi yote ile nilikuwa napitisha uzi mguu ukiwa chini. Visahani vimebanana, kwa hiyo uzi hauingii katikati, unalala juu yake tu. Uzi wa juu ukikosa kubanwa hutoka ovyo, na ule wa ziada unavutwa chini ya kitambaa na kurundikana huko. Ndiyo maana fujo inaonekana chini ilhali kosa liko juu. Kile kitufe cha namba nacho kazi yake ni kukaza au kulegeza visahani hivyohivyo, kwa hiyo kama uzi haujaingia ndani yake unaweza kukizungusha mpaka kesho usione tofauti yoyote.

Kwa hiyo dada yangu, fanya hivi leo. Toa uzi wote wa juu, usiurekebishe ukiwa umo ndani. Inua mguu. Zungusha gurudumu la pembeni kuja upande wako mpaka ule mkono mdogo wa chuma unaopanda na kushuka mbele ya cherehani ufike juu kabisa. Sasa pitisha uzi kuanzia mwanzo, huku mkono mmoja ukiushikilia kidogo karibu na kijiti ili usilegee unapoingia kwenye visahani. Usisahau kuupitisha kwenye ule mkono mdogo, kwa sababu ukiuruka utapata rundo lilelile.

Kisha jaribu kabla ya kushona chochote. Mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano: unatakiwa utoke kirahisi. Shusha mguu uvute tena: sasa unatakiwa ukatae, hata uone sindano inapinda kidogo. Kama hakuna tofauti kati ya mvuto wa kwanza na wa pili, uzi haumo ndani ya visahani. Jaribio hili ni la sekunde kumi, na laiti programu yangu ya kwanza ingekuwa nalo nisingefunika cherehani yangu kwa shuka.

Ukishapata tofauti hiyo, rudisha kitufe cha namba katikati. Kwenye mashine nyingi za nyumbani huwa ni karibu na 4. Weka uzi wa rangi moja juu na wa rangi nyingine kwenye bobini, chukua kipande cha kitambaa hichohicho utakachoshonea, ukikunje mara mbili, ushike ncha zote mbili za uzi kwa nyuma unapopiga mishono ya mwanzo, kisha ushone mstari mmoja. Geuza. Ukiona vitanzi vya rangi ya juu vimejitokeza chini, uzi wa juu umelegea. Ukiona rangi ya bobini imechomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea. Kila upande ukibaki na rangi yake, umemaliza. Rangi mbili zinafundisha kuliko maelezo ya nusu saa, na sijui kwa nini walimu wengi wa video hushona kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyotazama masomo haya. Nalitazama somo zima mara moja mikono ikiwa mapajani, bila kugusa kitambaa, na kazi yangu ni moja tu: kutafuta mahali picha inapokatwa. Kitu kikiwa hakijafanyika, halafu ghafla kimeshafanyika, naandika dakika hiyo kwenye daftari. Hapo ndipo nitakapokwama. Kisha natafuta video nyingine ya hatua hiyo peke yake, tena ya mtu mwenye mashine inayofanana na yangu. Kwenye YouTube napunguza kasi mpaka 0.5, na nikiwa kwenye kompyuta nasimamisha video na kubonyeza kitufe cha nukta ili picha isogee moja moja. Mikono ya fundi mzoefu ni myepesi mno kwa macho ya anayeanza.

Hilo la mashine kufanana si dogo. Sindano ya mashine ya nyumbani ina upande mmoja bapa juu, na kwenye mashine nyingi za sasa upande huo unatazama nyuma. Kwenye mashine nyingi za zamani unatazama pembeni, na uzi unaingia kwenye tundu kutoka pembeni pia. Ukiiga video ya mashine nyingine ukaweka sindano kinyume, cherehani itaruka mishono au haitashika uzi wa chini kabisa, nawe utaanza kujilaumu bure. Bobini vilevile: kuna inayodumbukizwa kutoka juu na kuna inayokaa ndani ya kikombe cha chuma kinachochomekwa kutoka mbele au ubavuni. Somo la moja halikusaidii kwenye nyingine.

Mwezi uliopita nimemaliza sketi ya vipande sita yenye zipu ya kufichwa, na naiandika kwa fahari kwa sababu nimeitolea jasho. Hata hiyo ilitaka kunitoka. Kabla ya kukata kitambaa chenyewe nilishona ya majaribio kwa shuka kuukuu, ikawa pana kiunoni. Nikadhani nimejipima vibaya. Nikajipima tena, vipimo viko sawa. Basi nikaenda kupima mishono. Mwalimu kwenye video alikuwa anafuata ukingo wa mguu wa cherehani yake, nami nikafuata wa kwangu, na mshono wangu ulikuwa sentimeta 1 kutoka ukingoni. Nilipofungua maelezo yaliyo chini ya video, ambayo nilikuwa nimeyaruka, nikakuta vipande vimechorwa kwa mshono wa sentimeta 1.5. Tofauti ni nusu sentimeta tu. Lakini vipande sita vinaungana kwa mishono sita, kila mshono una kingo mbili, jumla kingo kumi na mbili. Nusu sentimeta mara kumi na mbili ni sentimeta 6, na sketi iliyozidi sentimeta 6 kiunoni inateremka.

Nilichofanya ni kupima kwa rula kutoka ncha ya sindano kwenda kulia sentimeta 1.5 na kubandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, kisha nikaongoza ukingo wa kitambaa kwenye utepe bila kuutazama tena mguu. Sketi ikakaa. Nakusihi usome maelezo ya chini ya video kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kwa sababu kipimo cha mshono mara nyingi kimeandikwa huko tu na mwalimu hatakitamka.

Wifi yangu aliiona sketi ile. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alimtuma mwanawe aniletee gauni lililofumuka pindo. Nimelishona, na upande wa ndani nimeumaliza vizuri kuliko wa nje, kwa sababu najua atakapoanza kutazama.

Na yule msomaji nilimwuliza jambo moja tu usiku ule: unapopitisha uzi, mguu uko juu au chini? Asubuhi nikakuta picha ya mstari wa mishono kwenye kipande cha kitambaa, umenyooka, umekaza. Nikamwomba anitumie na picha ya upande wa chini.